Umeme pembeni mwa jicho moja, na masizi yanayoelea

Mama mmoja wa miaka 57, fundi wa kushona nguo Kariakor, alifika kwangu Jumatatu asubuhi akiwa amefunga jicho la kulia kwa leso. Halikuwa likimuuma. Alilifunga kwa sababu lilikuwa likimsumbua kazini.

Mambo yalianza Alhamisi usiku, stima zilipopotea mtaani kwao. Alipogeuka kutafuta mshumaa, aliona mwanga ukipita pembeni mwa jicho hilo. “Daktari, nilidhani mtu amewasha tochi akaizima,” akaniambia. Kila alipoyageuza macho haraka gizani, mwanga ulirudi, mfupi kama umeme wa mbali. Kesho yake aliona uzi mweusi juu ya kitambaa cheupe alichokuwa akikata. Akaupangusa, haukutoka. Kufikia mchana uzi ulikuwa umepata wenzake: vidoa vingi vidogo, kama masizi yanayodondoka kutoka dari ya jikoni.

Kwenye duka la dawa aliuziwa matone ya aleji. Jumamosi akapimwa kwenye duka la miwani, akasoma ubao hadi mstari wa 6/6 akiwa na miwani yake, akaambiwa jicho ni zima. Ubao haukudanganya, ila uliulizwa swali lisilo lake. Ubao wa herufi hupima sehemu ndogo sana iliyo katikati ya retina, ule utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ndiyo sehemu tunayosomea. Retina huchanika pembezoni, na mtu anaweza kuwa na tundu huko huku anatunga uzi kwenye sindano bila shida.

Ndani ya jicho, nyuma ya lenzi, kuna ute mzito unaokaribia mililita 4, haujai hata kijiko cha chai. Ujanani hushikana kama jeli. Miaka inavyosonga hugeuka majimaji, hujikunja, na siku moja hujibandua kutoka kwenye retina. Wengi hupatwa na hali hii kati ya miaka 50 na 70. Wanaovaa miwani mikali ya kuonea mbali hupatwa mapema zaidi, na mama huyu alikuwa na minasi 6. Waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho nao hupatwa mapema.

Kwa kawaida ute hubanduka salama. Tatizo ni pale ulipogandamana sana na retina: unapojivuta, unaivuta nayo. Retina haina neva za maumivu. Ukiivuta, jibu lake ni moja tu, mwanga. Ule umeme gizani ni retina inayovutwa. Ikishindwa kuhimili inachanika, na mara nyingi kijipande huinuka kwa umbo la kiatu cha farasi. Mshipa mdogo ukikatika hapo, damu huvuja kwenye ute. Chembe za rangi zilizo chini ya retina nazo hupenya kwenye tundu. Hayo ndiyo masizi.

Kati ya watu 10 wanaokuja na umeme au madoa mapya ya ghafla, mmoja au zaidi kidogo tunamkuta na mpasuko. Kwa hiyo wengi hawana, lakini hakuna anayeweza kuwatenganisha kwa kusikiliza maelezo tu. Kipandauso pia huleta mianga, ila ile huwa mistari ya msumeno inayotambaa kwa dakika 20 au 30, na huonekana hata ukifumba jicho moja kisha jingine. Ya mama huyu ilikuwa ya jicho moja, na ya kufumba na kufumbua.

Nilimtia matone ya kupanua mboni. Macho yetu meusi hayana haraka. Mara nyingi husubiri nusu saa na kuongezewa tone jingine, na baadaye kusoma huwa tabu kwa saa kadhaa, kwa hiyo usije ukiendesha gari. Kisha nikamkalisha kwenye darubini yenye mwali mwembamba, nikamwomba aangalie juu, chini, halafu mbele. Nyuma tu ya lenzi, ute ulipotikisika, vikaelea vipunje vya kahawia, mfano wa vumbi la ugoro. Nikiviona hivyo kwa mtu ambaye hajawahi kufanyiwa upasuaji wa jicho, siulizi tena kama kuna mpasuko. Ninauliza uko wapi.

Kuupata ni kazi ya mikono. Mgonjwa hulala chali, nami navaa taa kichwani na kushika lenzi mkononi. Kwa kijiti cha chuma chenye ncha butu, ninabonyeza taratibu juu ya kope ili ukingo wa retina uinuke uonekane. Si jambo la raha, na mama aliniambia hivyo bila kuficha. Mpasuko ulikuwa juu, upande wa sikio. Sisi huandika mahali kwa namba za uso wa saa, na hapo palikuwa kwenye namba 10. (Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika “saa kumi” akimaanisha 10, mwenzake akatafuta kwenye namba 4.)

Bado maji hayakuwa yamepita chini ya retina. Mpasuko wa juu huogopesha kwa sababu majimaji yakipenya hushuka kwa uzito wake kuelekea katikati, wakati mwingine kwa siku chache tu. Kwa kuwa picha hupinduka ndani ya jicho, mgonjwa wa namna hii angeona pazia jeusi likipanda kutoka chini, upande wa pua. Pazia likishaonekana leza peke yake kwa kawaida haitoshi, na safari ni ya chumba cha upasuaji siku hiyohiyo au kesho yake.

Yeye tulimpiga leza mchana huohuo: matone ya ganzi, lenzi ya kugusa jicho, na safu tatu za vidoa vya moto kuuzingira mpasuko wote. Leza haishoni tundu. Inaunguza kidogo pembeni ili kovu liishike retina kwa ukuta ulio nyuma yake, na kovu hilo huchukua takriban wiki mbili kukomaa. Nikamwambia asibebe marobota ya vitambaa kwa muda huo. Nikamwambia pia kwamba nyuzi zitabaki na umeme unaweza kuendelea, maana ute bado unavuta.

Baada ya wiki moja mambo yalikuwa shwari. Wiki ya tatu akapiga simu: masizi mapya. Alipofika nikakuta mpasuko wa pili, mdogo, kwenye namba 1, mahali nilipokuwa nimepachunguza na kupaona pazima. Ute ulikuwa umeendelea kubanduka ukafika hapo. Ndiyo maana hata yule nisiyemkuta na mpasuko humwita tena kabla ya wiki sita kuisha. Leza hulinda pale tu ilipopigwa. Tukauzungushia safu zake tatu.

Wiki ya sita makovu yote mawili yalikuwa yameshika, meusi pembeni na meupe katikati. Umeme ulikuwa umekoma. Nilimuuliza kuhusu ule uzi wa kwanza.

“Upo,” akasema. “Nimeuzoea. Tatizo lake hauingii kwenye sindano.”