Jeli ya jino la baba haifai kwenye ufizi wa mtoto

Mwanangu ana miezi 7 na anaota jino la chini. Usiku halali. Mume wangu ana jeli ya ganzi aliyopewa kwa ajili ya jino lake bovu. Naweza kumpaka mtoto kidogo tu?

Hapana mama, hata kidogo. Soma ubavuni mwa tyubu: jeli nyingi za jino zina benzokaini au lidokaini. Zote mbili ni dawa za ganzi, na mtu mzima zinampunguzia maumivu kwa muda. Kwa mtoto hali ni tofauti.

Benzokaini ikiingia mwilini inaweza kuibadili damu ikashindwa kubeba oksijeni. Mtoto anapumua na hewa inaingia, lakini oksijeni haifiki inakotakiwa. Hili laweza kutokea kwa mpako wa kwanza, na hata kwa mtoto aliyewahi kupakwa bila kudhurika. Ndiyo maana mwaka 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waache kuuza dawa za kuota meno zenye benzokaini kwa watoto walio chini ya miaka 2. Lidokaini ilipewa onyo kali mwaka 2014, kwa sababu watoto waliopewa kupita kiasi, au walioimeza kwa bahati mbaya, walipata degedege, matatizo ya moyo, na wengine walifariki.

Tena haisaidii kama watu wanavyodhani. Mtoto anatoa mate mengi, jeli inasombwa ndani ya dakika chache na kumezwa. Mzazi anaona mtoto bado analia, anapaka tena. Hapo ndipo dozi inapozidi. Ganzi ikifika kooni, mtoto anaweza pia kupaliwa na maziwa.

Kama ulishampaka, futa kinywa kwa kitambaa safi chenye maji na umwangalie kwa makini kwa saa 2 zinazofuata. Tazama midomo, ulimi na kucha. Zikigeuka kijivu au bluu, au akihema haraka, akilegea, au akilala usingizi mzito kuliko kawaida, mkimbize hospitali na ubebe tyubu hiyo mkononi. Usisubiri kuona kama itapita.

Ile ya vidonda vya mdomoni je? Dukani waliniambia haina ganzi.

Huenda haina ganzi, lakini nyingi zina salisilati, dawa ya ukoo mmoja na aspirini. Salisilati zinahusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini hushambulia ini na ubongo wa mtoto, hasa anapopona mafua au tetekuwanga. Kwa sababu hiyo aspirini haipewi mtoto aliye chini ya miaka 16 ila kwa agizo la daktari, na jeli za mdomoni zenye salisilati ya kolini nazo zina kikomo hichohicho Uingereza tangu mwaka 2009. Ukiona neno salisilati kwenye pakiti, irudishe kabatini.

Mama mkwe anasema nimpake asali, au mafuta ya karafuu. Hizo si ni za asili?

Najua anasema kwa upendo, kwa hiyo mwelezee taratibu. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu. Tumbo la mtu mzima linazidhibiti, lakini utumbo wa mtoto aliye chini ya miezi 12 bado haujaweza. Humo mbegu zinaota na kutoa sumu inayolegeza misuli. Dalili huanza kimyakimya: anakosa choo, ananyonya kwa udhaifu, kilio kinafifia, shingo inalegea. Kuipasha moto asali nyumbani hakuziui mbegu hizo.

Mafuta ya karafuu ni makali sana. Mtoto akimeza kiasi kidogo anaweza kupata degedege na kuharibika ini. Pombe kwenye ufizi nayo hapana, maana inamshusha sukari ya damu na kumzubaisha. Mikufu ya shanga ya kuota meno imewahi kuwanyonga watoto usingizini.

Basi nimpe nini? Ana kilo 8.

Anza na kidole chako. Kioshe vizuri, kisha usugue ufizi kwa dakika moja au mbili ukikandamiza kidogo. Mgandamizo huo wenyewe unatuliza. Kitambaa safi kilicholoweshwa na kupozwa kwenye friji kinafaa kutafunwa ukiwa unamwangalia. Kisigande kuwa barafu, kwani ufizi utaumia.

Kama bado anateseka na halali, parasetamoli ya maji inafaa. Dozi inakwenda kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Kwa kilo 8 ni miligramu 80 hadi 120. Sasa tazama chupa. Kama imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, basi mililita 4 zina miligramu 96, na hiyo ni dozi nzuri kwake. Mpimie kwa bomba la kupimia dawa, si kijiko cha chai. Zipite saa 4 hadi 6 kabla ya kurudia, na isizidi mara 4 kwa saa 24.

Hapa naomba uwe makini sana. Kuna parasetamoli ya matone yenye miligramu 100 katika mililita 1 tu. Ukimpa mililita 4 za hiyo, umempa miligramu 400, zaidi ya mara 4 ya dozi niliyokupigia hesabu. Ukirudia kila saa 6 kwa siku mbili tatu, ini lake linaweza kuharibika. Usiibebe hesabu ya chupa moja kwenda chupa nyingine.

Leo ana joto la 38.7 na anaharisha. Si ni meno tu?

Meno hayafanyi hivyo. Kuota jino huleta mate mengi, kutafuna kila kitu, kulialia, na pengine joto kupanda kidogo, na jino moja humsumbua kwa takribani siku 8. Joto la 38.7 na kuharisha vina chanzo kingine. Mpeleke kituo cha afya leo, na umnyonyeshe mara kwa mara asikaukiwe maji. Hapa ndipo watoto wengi huchelewa kutibiwa, kwa sababu kila mtu nyumbani ameridhika kwamba ni meno. Ukiona pia utando mweupe usiofutika mdomoni, au vidonda vingi vinavyomzuia kunyonya, mwonyeshe mhudumu. Ukiwa ni fangasi kuna matone ya nistatini.

Na mume wangu? Jino linamuuma, na ana kidonda kwenye shavu la ndani.

Kama hana vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo, ibuprofeni baada ya chakula, pamoja na parasetamoli, huwa inashinda jeli. Asibandike kidonge cha aspirini kwenye ufizi, kitamuunguza. Viuavijasumu havizibi tundu la jino. Anahitaji daktari wa meno. Uso ukivimba kuelekea jichoni au shingoni, au akishindwa kumeza au kufungua kinywa, aende hospitali usiku huohuo.

Kidonda kitapona chenyewe ndani ya wiki 1 hadi 2. Asukutue kwa maji ya chumvi au dawa ya klorheksidini, na jeli yake aiweke mahali pa juu, mbali na nepi na chupa za mtoto. Kidonda kikipita wiki 3 bila kupona, akachunguzwe hata kama hakiumi.