Hesabu ya matone ya dripu: tunayoyaamini wodini na ukweli wake

Daktari ameandika Ringa lakteti lita 1 iende kwa saa 8. Hizo ni chupa mbili za mililita 500, na ukigawa unapata mililita 125 kwa saa. Mpaka hapo hakuna anayebishana. Ubishi huanza mtu anaposhika kibano cha seti na kuulizwa: matone mangapi kwa dakika? Wanafunzi wa uuguzi ninaowasimamia hapa Tanga hujibu upesi sana, na upesi huo ndio unaonitia shaka.

Dhana: gawa kwa 3, umemaliza.

Ni kweli kwa seti inayotoa matone 20 katika kila mililita, basi. Hesabu yenyewe ni hii:

```
matone kwa dakika = (mL kwa saa × matone ya seti kwa mL 1) ÷ 60
```

Ile 60 ni dakika za saa moja. Ishirini juu ya sitini ni theluthi, ndiyo maana watu wanagawa kwa 3. Seti ya matone 15 inagawiwa kwa 4, na ya matone 10 kwa 6. Sasa ndugu wa mgonjwa ametumwa duka la dawa huko Ngamiani, amerudi na seti ya kiwanda kingine. Kwa mililita 125 kwa saa, seti ya 20 inataka matone 42, ya 15 inataka 31. Ukiweka matone 42 kwenye seti ya 15, mgonjwa anapokea mililita 168 kila saa, na lita iliyopangiwa saa 8 inakwisha kwa saa 6.

Namba imechapishwa kwenye pakiti, mara nyingi karibu na mchoro mdogo wa tone. Isome kabla hujaichana. Kama pakiti imeshatupwa, tafuta nyingine ya boksi lilelile; kukisia kwa kutazama ukubwa wa tone hakufai.

Dhana: kanula nene hutoa matone makubwa, kwa hiyo yapunguze.

Hii huisikia hata kwa wakongwe. Tone hukatika kwenye kijibomba kilicho ndani ya chemba ya seti, juu kabisa, kabla maji hayajaifikia kanula. Kanula ya kijani inaweza kupitisha maji mengi kuliko ya pinki ukifungua kibano chote, lakini matone 42 kwa dakika ya seti ileile ni kiasi kilekile kwa zote mbili.

Dhana: bureti ya watoto ina matone madogo, kwa hiyo mtoto hawezi kuzidishiwa.

Bureti nyingi hutoa matone 60 kwa mililita. Sitini juu ya sitini ni moja, hivyo mililita kwa saa na matone kwa dakika huwa namba moja. Mtoto wa kilo 10 aliyeandikiwa mililita 40 kwa saa anahesabiwa matone 40. Raha tupu, na hatari imejificha humohumo. Siku bureti zimeisha stoo, mtu anafunga seti ya 20 na mkono unaweka yaleyale 40 uliyoyazoea. Mtoto anapata mililita 120 kwa saa, mara tatu ya alichoandikiwa. Kwa seti hiyo alistahili matone 13.

Dhana: hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4.

Matone 42 kwa dakika ni matone 10 na nusu kwa sekunde 15, na nusu tone halihesabiki. Ukikosea tone moja hapo, umekosea manne kwa dakika, ambayo kwa seti ya 20 ni mililita 12 kwa saa. Shika saa, hesabu dakika nzima.

Dhana: ukishapanga, itakwenda hivyohivyo.

Mgonjwa akikunja mkono, kitanda kikipandishwa, au kibano kikilegea kidogo, mwendo unabadilika. Bandika plasta pembeni mwa chupa, uandike saa na mahali maji yanapotakiwa kufika. Kwa mgonjwa wetu, baada ya saa 2 ziwe zimeingia mililita 250. Ukikuta 200 tu, zimebaki 800 kwa saa 6, yaani 133 kwa saa: matone 44. Angalia kwanza kwa nini ilichelewa, ndipo uongeze hayo mawili. Usifungue kibano chote ili zile 50 ziingie kwa mkupuo. Na kama ni mtoto, au mtu mwenye moyo au figo dhaifu, usiongeze hata hayo mawili kabla hujamuuliza aliyeandika dripu.