Neva za fuvu: herufi P ndiyo inayotutia makosani

Kila ninapofundisha uchunguzi wa mfumo wa fahamu, hukuta kwamba karibu wanafunzi wote wanaweza kuzitaja neva 12 za fuvu kwa mpangilio bila kusita, lakini mgonjwa akiketi mbele yao na wakaulizwa ni neva ipi iliyoharibika, wengi hujikwaa mahali pale pale. Hawakosei majina, bali hukosea kazi: huchanganya neva ya hisi, inayoleta habari kwenye ubongo, na neva ya mwendo, inayopeleka amri kwenye misuli. Mimi mwenyewe nilijifunza kazi hizo kwa sentensi ya kigeni ambayo ililazimu kila herufi itafsiriwe kichwani kabla ya kutumika, na katikati ya mtihani tafsiri hiyo ilinivurugika. Baadaye nilijitungia sentensi ya Kiswahili, nayo ndiyo ninayowapa wanafunzi wangu:

Hamisi, hebu mpe mama pesa. Mjomba pia hana pesa, pengine mpaka Machi.

Maneno ni 12, na kila neno linasimama mahali pa neva moja kuanzia ya 1 hadi ya 12. Neno linaloanza kwa H ni neva ya hisi, linaloanza kwa M ni neva ya mwendo, na linaloanza kwa P ni neva inayofanya kazi zote mbili pamoja. Ukihesabu kwa vidole utaona kwamba H zimeangukia neva ya 1 ya kunusa, ya 2 ya kuona, na ya 8 ya kusikia na ya mizani ya mwili. M zimeangukia ya 3, ya 4 na ya 6, ambazo zote husogeza jicho, kisha ya 11 inayogeuza shingo na kuinua mabega, na ya 12 inayosogeza ulimi. P zimebaki kwa ya 5, ya 7, ya 9 na ya 10.

Nimeishikilia sentensi hii kwa sababu ina sarufi, na sarufi hulinda mpangilio. Mwanafunzi akisahau kama ya 7 ni P au H, akajaribu kusema «mjomba hana pia pesa», sikio lake lenyewe litamwambia kwamba kuna kitu kimepinda. Orodha ya herufi tupu haina mlinzi wa namna hiyo.

Hata hivyo, sentensi inaishia hapo. Inakuambia kwamba neva ya 5 na ya 7 zina hisi na mwendo pamoja, lakini haikuambii hisi ya nini wala mwendo wa nini, ilhali neva hizo mbili zote zinahudumia uso. Hapo ndipo makosa mengi ninayosahihisha yanapozaliwa, kwa hiyo kwa herufi P ninaongeza kumbukizi ya pili, inayotegemea sauti ya namba yenyewe.

Tano hutafuna na hutambua. Saba ni sura, sukari na sauti.

Neva ya 5 hutafuna, maana huendesha misuli ya taya, na hutambua, maana huleta hisi ya mguso, maumivu, joto na baridi kutoka kwenye ngozi ya uso, kwenye konea ya jicho, ndani ya mdomo, na kwenye theluthi mbili za mbele za ulimi. Neva ya 7 ni ya sura, kwa kuwa misuli yote ya kukunja paji la uso, kufumba jicho, kutabasamu na kupuliza mashavu ni yake. Ni ya sukari, kwa kuwa huleta ladha kutoka kwenye zile zile theluthi mbili za mbele za ulimi. Ni ya sauti kwa njia ambayo wengi huielewa vibaya: haisikii chochote, kwani kusikia ni kazi ya neva ya 8, lakini huendesha msuli mdogo sana wa sikio la kati unaotuliza mtikisiko wa kifupa cha ndani pale sauti inapokuwa kubwa. Msuli huo ukilegea, mgonjwa hulalamika kwamba sauti za kawaida zinamuumiza sikio la upande huo. Kwa hiyo «sauti» ya saba ni mwendo, si hisi. (Neva ya 7 ina pia kazi ya machozi na mate, pamoja na hisi ya kipande kidogo cha ngozi karibu na tundu la sikio, lakini kwa anayeanza mambo hayo ni bora yasubiri.)

Kwa kope nina kumbukizi fupi zaidi: tatu hutazama, saba husinzia. Neva ya 3 ndiyo inayoinua kope ili jicho lifumbuke, na neva ya 7 ndiyo inayolifumba. Kope iliyoanguka na jicho lisilofumba ni dalili mbili zinazopingana, na kamwe zisiandikwe chini ya neva moja.

Sasa tuchukue mgonjwa mmoja wa mfano. Anafika akisema kwamba tangu alipoamka jana, upande wa kulia wa uso wake «umekufa ganzi». Mwanafunzi anasikia ganzi, anakumbuka kwamba hisi ya uso ni ya neva ya 5, na anaandika 5 kabla hajamgusa mgonjwa. Neno ganzi limemponza. Mtu ambaye uso wake haumtii mara nyingi husema umekufa ganzi, kwa sababu kwake yeye kiungo kisichosogea na kiungo kisichohisi vyote vimekufa. Mchunguzi hana budi kutenganisha kile ambacho mgonjwa amekiita kwa neno moja.

Tunaanza na ngozi. Kwa kipande cha pamba tunagusa paji la uso, shavu na kidevu, kulia kisha kushoto, huku mgonjwa amefumba macho kadiri awezavyo na akisema kila anapohisi. Anahisi sawasawa pande zote mbili. Tunamwomba aume meno kwa nguvu, na misuli ya taya inakaza pande zote. Akifungua mdomo, taya haliendi upande. Tano hutafuna, na anatafuna. Tano hutambua, na anatambua. Neva ya 5 iko salama.

Kisha tunaangalia sura. Akikunja paji la uso, mikunjo inatokea kushoto peke yake. Akijaribu kufumba macho, jicho la kulia linabaki wazi na mboni inapanda juu chini ya kope. Akitabasamu, mdomo unavutwa kushoto, yaani kuelekea upande wenye nguvu. Tunaweka sukari kidogo upande wa kulia wa sehemu ya mbele ya ulimi, akiwa ameutoa nje na bila kuurudisha ndani, naye anaonyesha kwa kidole kwamba ladha ni hafifu kuliko kushoto. Anaongeza mwenyewe kwamba sauti za simu zinamkera sikio la kulia. Sura, sukari na sauti zote zimeguswa: hii ni neva ya 7 ya kulia. Na kwa kuwa paji la uso nalo limelegea, tatizo liko kwenye neva yenyewe au kwenye kiini chake, si juu kwenye ubongo mkubwa, kwa sababu misuli ya paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, na kiharusi cha upande mmoja kwa kawaida huiacha ikifanya kazi.

Jambo ambalo hunishawishi kuliko yote, hata hivyo, ni refleksi ya konea, kwa sababu ndani yake neva ya 5 na ya 7 hukutana, na mchunguzi anaweza kuzitenganisha kwa mguso mmoja. Mgonjwa hutazama upande na juu, nasi tunaleta uzi safi wa pamba kutoka pembeni na kuigusa konea, si weupe wa jicho na si kope. Habari ya mguso hupanda kwa neva ya 5 ya upande ulioguswa, na amri ya kufumba hushuka kwa neva ya 7 ya pande zote mbili. Kwa mgonjwa wetu, tukigusa jicho la kulia, la kulia halifumbi lakini la kushoto linafumba, naye anasema amehisi. Tukigusa la kushoto, matokeo ni yale yale. Habari imefika kutoka kila upande. Kilichokosekana ni utekelezaji upande wa kulia. Kama neva ya 5 ya kulia ndiyo ingekuwa imeharibika, kugusa jicho la kulia kusingefumbisha jicho lolote, ilhali kugusa la kushoto kungeyafumbisha yote mawili. Ninawaonya wanafunzi kwamba kwa watu waliozoea kuvaa lenzi juu ya konea refleksi hii inaweza kuwa hafifu bila ugonjwa wowote, na kwamba pamba ikionekana mapema jicho hufumba kwa kuogopa, si kwa kuguswa.

Refleksi hiyo imenipa kumbukizi ya tatu: namba ndogo huleta habari, namba kubwa hutoa amri. Konea ni 5 kisha 7. Mboni kusinyaa kwa mwanga ni 2 kisha 3. Koo kujikaza linapoguswa nyuma ni 9 kisha 10. Kwa hiyo neva za 9 na 10, ingawa zote ni P na zote ni za koo, hutenganishwa hapo: ya 9 ndiyo hasa inayohisi mguso na ladha ya theluthi ya nyuma ya ulimi, na ya 10 ndiyo hasa inayoinua kaakaa laini. Mgonjwa akisema «aaa» na kilimi kikavutwa kushoto, ni neva ya 10 ya kulia iliyolegea. Ulimi hufanya kinyume: neva ya 12 ya kulia ikiharibika, ulimi ukitolewa nje huelekea kulia, upande wa udhaifu.

Kanuni hii ya namba ndogo na kubwa isivushwe zaidi ya refleksi hizo tatu. Taya linapogongwa kidogo na kujifunga, habari na amri zote hupita kwenye neva ya 5. Kichwa kinapogeuzwa na macho yakabaki yameelekea pale pale, habari huletwa na ya 8 na amri hutolewa na ya 3 na ya 6, kwa hiyo namba kubwa ndiyo inayotangulia. Na ule msuli mdogo wa sikio unaotuliza sauti huamshwa na neva ya 8 kisha kuendeshwa na ya 7.