Biashara Ikifa na Pesa za Ndugu Ndani

*Je, kwa nini nikipoteza pesa za benki nahuzunika kisha nasonga mbele, lakini nikipoteza pesa za shangazi na kaka nashindwa hata kupokea simu zao?*

Kwa sababu watu ambao wangekuja kukupa pole ndio hao hao wanaokudai. Huzuni unayo, tena nzito, lakini huna wa kumlilia. Na huzuni inayokosa mahali pa kwenda hugeuka upesi kuwa aibu, na aibu kazi yake ni kumficha mtu.

Tutazame wakati wa kware nchini Kenya, maana familia nyingi ziliumia pamoja wakati ule. Kufikia mwishoni mwa 2013, yai moja la kware liliweza kufika karibu shilingi 100, huku likisifiwa kwamba linatibu maradhi chungu nzima. Kware huhesabiwa miongoni mwa wanyamapori, kwa hiyo mfugaji alihitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na watu wakamiminika kukiomba. Wachache walijiuliza mayai yale yalikuwa yakinunuliwa na nani. Wanunuzi wengi hawakuwa walaji, walikuwa wafugaji wapya waliotaka mayai ya kuangulia. Yai la kware huanguliwa kwa siku 17 au 18, na kifaranga huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba hivi. Ndani ya miezi michache kila mnunuzi wa jana akawa muuzaji wa leo. Mwaka 2014 bei ikaanguka mpaka shilingi chache tu kwa yai, na ndege waliokuwa wakilindwa kama dhahabu wakaishia kwenye sufuria au kufunguliwa waende zao.

Tuseme mmoja wa wafugaji hao alikuwa kijana aliyemaliza chuo na kukosa kazi. Mfano huu nimeuunda, lakini hesabu zake zitatambulika na wengi. Shangazi yake, mwalimu, alichukua mkopo wa sako akampa shilingi 80,000. Kaka yake aliyeko Doha alituma 120,000. Mama aliuza ng'ombe akatoa 40,000. Jumla ni 240,000. Zikanunua ndege, vizimba, chakula na mashine ya kuangulia mayai. Bei ilipoanguka, vyote vilivyobaki viliuzwa kwa 36,000.

Angalia sasa kilichopotea. Benki ingepoteza pesa na kushika dhamana, na deni lingekuwa na mwisho wake kisheria. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015, mtu aliyetangazwa muflisi kwa kawaida huachiliwa miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake. Shangazi hana karatasi inayosema deni litaisha lini. Hana hata karatasi inayosema lilikuwa deni. Alipotoa zile 80,000 alisema, "Chukua mwanangu, Mungu akubariki." Je, alikopesha, aliwekeza au alisaidia? Biashara ingefaulu, hakuna ambaye angeuliza. Iliposhindwa, kijana anaiona kuwa deni, mama anaiona kuwa bahati mbaya ya ukoo, na shangazi mwenyewe hajui aiite nini, ila mshahara wake unakatwa kila mwezi kulipia ndege ambao hawapo tena.

Kwa kijana pia zimekufa ndoto kadhaa kwa mpigo. Kazi yake imekwisha, na pamoja nayo ile asubuhi yenye shughuli. Imekwisha pia nafasi aliyoanza kuipata nyumbani, ya kuwa mtu ambaye wazee wanamsikiliza. Dean Shepherd, msomi wa ujasiriamali, aliandika mwaka 2003 kwamba mtu anayepoteza biashara yake anaweza kuomboleza kwa maana kamili ya neno hilo. Aliliona jambo hili nyumbani kwao: biashara ya familia ilipobidi kufungwa, baba yake alionyesha dalili za mtu aliyefiwa, ganzi, kutoamini, hasira, kujilaumu. Mimi naona uchunguzi huo una uzito kwetu kuliko kwa wengi, kwa sababu sisi tunajua sana kuomboleza. Mtu akifa, majirani wanakuja bila kuitwa, kuna matanga, kuna siku ya kuondoka msibani, na hakuna anayemwambia mfiwa aache kulia. Biashara ikifa hakuna anayekuja. Mtaalamu wa mambo ya msiba, Kenneth Doka, alieleza mwishoni mwa miaka ya 1980 kuhusu majonzi ambayo jamii haiyatambui: mhusika anaumia, lakini hapewi haki ya kuonekana mfiwa. Kijana wa kware yuko hapo hapo. Akilia, atasikia moyoni mtu akimuuliza: unalia nini, na pesa ni za shangazi?

Hapo ndipo inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo huingia pamoja. Kuna kujuta kwa jambo ulilofanya: niliuliza bei ya kuuza tu, sikuuliza nani anakula mayai haya. Majuto ya aina hiyo yanamsukuma mtu aende akaseme, alipe kidogo, ajirekebishe. Na kuna kujiona wewe mwenyewe ndiye ubovu: mimi ni mtu wa hasara, nimewaangusha. Hii ya pili ndiyo aibu yenyewe, nayo hairekebishi kitu. Utaitambua kwa mwenendo wake. Simu ya shangazi inaita mpaka inakata. Krismasi mtu anabaki mjini akidai kazi nyingi. Kuna harusi ya binamu, anatuma pole kwamba anaumwa. Wengine hubadilisha laini kabisa.

Kuna dalili nyingine ambayo watu hawaioni kuwa ya aibu, nayo ndiyo huharibu zaidi. Kijana, akibanwa, anataja tarehe. "Shangazi, Desemba nitakuwa nimekupa zote." Hana chanzo cha hizo pesa. Ametaja tarehe ili dakika ile ipite, ili macho ya shangazi yaache kumtazama. Desemba ikifika, hasara moja imekuwa makosa mawili, na la pili si la soko, ni lake. Ninaamini hapa ndipo undugu mwingi hufia. Bei ya kware ilimwangukia kila mtu, na shangazi anaweza kuielewa. Ahadi iliyotolewa sebuleni kwake kisha ikafuatwa na ukimya, hiyo haielewi.

Ubaya wa aibu huanza hata kabla biashara haijafungwa. Shepherd na wenzake waliandika mwaka 2009 kwamba kuchelewesha kufunga kuna pande mbili: kunampa mwenye biashara muda wa kuanza kuomboleza mapema, lakini kila wiki ya kuchelewa hula pesa. Kwa pesa za ndugu, upande wa pili hulemea. Mei bei imeanguka, lakini kijana haambii mtu. Anampigia kaka Doha, anaomba 20,000 za mwisho katika zile 120,000, za chakula cha ndege "mpaka soko litulie". Shilingi hizo hazikununua chakula, zilinunua mwezi mmoja zaidi wa kutosema. Ukijikuta unamwomba ndugu pesa mpya huku ukimficha bei ya leo, biashara imekwisha kufa na unachogharimia ni siri.

Basi afanye nini? Kwanza aandike kwenye karatasi, kwa kila ndugu: alitoa kiasi gani, alisema nini siku ya kutoa, na hasara hii inamgusaje mwezi huu. Safu ya mwisho ndiyo muhimu. Kaka alitoa nyingi kuliko wote, lakini alizitoa kwenye akiba. Mama ameshauza ng'ombe, pengo lake ni la maziwa ya kila siku. Shangazi ndiye bado analipa, tena na riba. Kwa hiyo shangazi ndiye anayeendewa kwanza, ana kwa ana, kabla habari hazijamfikia kwa mdomo mwingine. Ikiwa mazungumzo hayo yanamshinda kijana, aende na mtu mzima anayeheshimika pande zote, mjomba kwa mfano, si wa kumtetea bali wa kusikiliza.

Maneno yenyewe ni machache. "Shangazi, biashara imefungwa. Zilizoingia ni 240,000, zimerudi 36,000. Bei ilianguka kwa sababu sote tulikuwa tunauziana wenyewe kwa wenyewe, nami sikuliona hilo. Makato yako bado yanaendelea, najua." Kisha anyamaze. Shangazi akikasirika, akasirike. Ana haki hiyo, naye pia anaomboleza. Asitaje tarehe ya kulipa siku hiyo.

Zile 36,000 zingeweza kugawanywa kwa uwiano: kaka 18,000, shangazi 12,000, mama 6,000. Ni haki ya kihesabu. Lakini kama kaka na mama wakikubali, kuzipeleka zote kwenye mkopo wa sako kunapunguza makato yanayoendelea kuuma, na kidonda kinaacha kutoneshwa kila mwisho wa mwezi. Uamuzi huo si wa kijana peke yake, lazima kaka aulizwe waziwazi. Na kinachobaki, kila mmoja aulizwe: hii unataka iwe deni, au umeisamehe? Jibu liandikwe. Swali hili linatisha, lakini bila hilo kijana ataishi akikisia uso wa kila mtu kwenye kila sherehe. Akishapata kibarua cha uhakika, hata shilingi 1,000 kwa mwezi zinazofika bila kukumbushwa zina maana kuliko ahadi ya laki moja.

Kuhusu huzuni yake mwenyewe, Shepherd anashauri kupishana. Kuna wakati wa kuikabili hasara: kuifikiria, kuisimulia, kuelewa ilivyotokea. Kuna wakati wa kuiweka kando na kushughulikia kodi ya nyumba na kazi mpya. Anayeng'ang'ania upande wa kwanza pekee huishia kuzunguka usiku kucha kwenye lile lile. Anayekimbilia wa pili pekee, utamwona baada ya miezi michache anachangisha ukoo kwa mradi mwingine, wa sungura safari hii, na bado hajajua wa kware ulikufaje.

Haya yote hayatamrudisha kila ndugu. Wengine hawatasamehe, na wengine watalisema kosa hilo mbele ya watu kwa miaka. Hapo inatosha kuendelea kulipa kilichokubaliwa na kukataa kujificha, bila kudai kupendwa.

Na kuna mpaka ambao huzuni ya biashara ikiuvuka inahitaji tiba. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, mtu halali vizuri, hali chakula, hana hamu ya chochote na anajiona hana thamani, aende kituo cha afya. Akianza kusema kwamba familia ingekuwa nafuu bila yeye, asiachwe peke yake. Nchini Kenya, Msalaba Mwekundu hupokea simu bila malipo kwa namba 1199, na ndugu anayemhofia anaweza kupiga kwa niaba yake. Shangazi pia anaweza kupiga, hata kama makato bado hayajaisha.