Asilimia kumi ya nini?

Wiki hii ni mtu wa nne. Mwalimu mstaafu kaingia ofisini kwangu Mwanjelwa, kauza kiwanja chake Uyole kwa shilingi milioni 45, na kabla hajakaa vizuri akaanza kulalamika kwamba TRA wanataka kodi ya milioni nne na nusu, asilimia kumi ya bei yote. Nani kamwambia? Dalali. Kila mara ni dalali.

Mwalimu, shikamoo, lakini hapana. Asilimia kumi kwa mkazi wa Tanzania inakatwa kwenye faida, si kwenye bei. Na faida yenyewe si bei ya kuuza kutoa bei ya kununua, kama alivyopiga hesabu mwanawe kwenye simu. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu gharama zote za kukipata kiwanja, kukiendeleza na kukiuza. Hapo ndipo watu wanapoacha hela zao.

Tukafungua bahasha yake. Alinunua kwa milioni 12 mwaka 2014. Mwanasheria, ushuru wa stempu na uhamisho vilimla laki tano. Upimaji na hati, milioni moja na nusu. Kisha akajenga uzio, kwa sababu kiwanja kinashuka kuelekea korongo na mvua za masika zilikuwa zinaondoka na udongo. Anasema uzio ulikula milioni 10.2. Risiti za saruji, nondo na mawe, pamoja na karatasi alizosaini fundi, zilifika milioni tisa. Ile milioni 1.2 iliyobaki imeandikwa kwenye daftari kwa mkono wake mwenyewe, haina saini ya mtu. Nikaiacha. Jumamosi zote alizobeba mawe na wanawe nazo haziingii, maana hakumlipa mtu. Kwenye kuuza, dalali alichukua asilimia tano, yaani 2,250,000, na mthamini pamoja na mwanasheria 750,000.

Jumla milioni 26. Toa kwenye 45, faida ni milioni 19, kodi 1,900,000. Kamisheni ya dalali yule yule aliyemtisha nayo imo kwenye gharama.

(Kama ingekuwa nyumba aliyoimiliki miaka mitatu mfululizo na kuishi humo jumla ya miaka mitatu, na faida haizidi milioni 15, asingelipa kitu. Shamba la mtu binafsi lenye thamani chini ya milioni 10, lililolimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu ya mwisho, nalo limesamehewa. Kiwanja chake hakimo kote huko.)

Mwalimu akatabasamu. Kisha nikausoma mkataba wa 2014.

Umeandikwa milioni tano.

"Ah, hiyo tulipunguza kidogo," akasema, "ushuru usiwe mkubwa." Kila mtu hufanya hivyo, nami kila mara natamani kupasua meza. Ushuru wa stempu ni kama asilimia moja. Kwa kuficha milioni saba, Mwalimu aliokoa takriban shilingi 70,000. Leo gharama yake ya kununua inayothibitika ni milioni tano, jumla inashuka hadi 19, faida inapanda hadi 26, na kodi ni 2,600,000. Laki saba zaidi. Aliokoa kwa asilimia moja, anakuja kulipa kwa asilimia kumi kwa zile zile milioni saba. Muuzaji wa zamani anaweza kuapa kwamba alipokea 12, lakini mkataba wenye muhuri unasema tano, na wote wawili waliusaini.

Sasa kuna jambo ambalo wenzangu hawapendi kulisema mbele ya wateja. Tangu mabadiliko ya 2023, mkazi asiye na kumbukumbu za gharama hulipa asilimia tatu ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa milioni 45 hiyo ni 1,350,000. Soma tena. Aliyetunza kila risiti kwa miaka kumi analipa 1,900,000, asiye na hata karatasi moja analipa pungufu. Faida ikizidi asilimia 30 ya bei, mwenye bahasha ndiye anayeumia. Sijawahi kuweza kumweleza mtu hili nikiwa nimemtazama usoni.

Mwalimu si mjinga, alifundisha hesabu. Akaitazama bahasha, akanitazama mimi. "Kijana wangu, hizi karatasi zikiungua?"

Za saruji zinaweza kuungua, Mwalimu. Mkataba wa 2014 nakala yake iko kwenye jalada la ardhi, kwa sababu ndiyo iliyokupa hati. Na Msajili wa Hati hatahamisha jina kwenda kwa mnunuzi bila cheti cha TRA kwamba kodi imelipwa. Kudai huna kumbukumbu wakati kumbukumbu iko chini ya paa la serikali ni tamko la uongo, na mimi siliandiki.

Akanywa chai yake yote kwanza. Kisha akauliza yule fundi wa uzio, anayeishi Igawilo siku hizi, akisaini lile daftari leo itafaa. Nikamwambia amlete yeye mwenyewe, na daftari lisiguswe.