Akaunti zinazojifungua zenyewe: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mfumo unamjua mfanyakazi.

Haumjui, unajua herufi tu. Kabla ya kufungua akaunti, saraka kuu, yaani orodha ya kompyuta yenye wafanyakazi wote, huiuliza programu kama mtu huyo yupo, kwa itifaki ya SCIM, lugha ambayo mifumo hutumia kupashana habari za akaunti:

```
GET /Users?filter=userName eq "r.k@example.org"
"totalResults": 0
```

Jibu likiwa sifuri, hutuma `POST` na akaunti mpya inafunguka. Sisi hapa Tabora tulikuwa tumewafungulia watu akaunti za mfumo wa bohari kwa mkono, kila mtu na jina lake fupi, mfano `rk_kigoma`. Siku tuliyowasha ufunguaji wa otomatiki, saraka iliuliza kwa barua pepe, programu ikajibu haina mtu wa hivyo. Kesho yake kila mtu alikuwa wawili. Kwenye logi hapakuwa na kosa hata moja, maana kwa hesabu ya mashine hapakuwa na lililoharibika.

Dhana: Ukimzima kwenye saraka, amezimika kote.

Saraka huzima akaunti iliyoshikamana nayo tu, kwa kutuma `active` ikiwa `false`. Mtunza bohari wetu wa Kigoma alipoacha kazi, akaunti yake mpya ilizimika siku hiyohiyo. Ile ya zamani, yenye paswadi ya ndani ya programu, haikuguswa kabisa. Wiki tatu baadaye nikapigiwa simu kutoka Kigoma: "Kaka, yule bwana si tulishamuaga? Mbona jana ameidhinisha mzigo?"

Nilidhani tumeibiwa. Kumbe paswadi yake ilikuwa imeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini ya kibodi, na waliobaki waliitumia kwa kuwa wao hawakupewa haki ya kuidhinisha. Ukiniuliza, hilo ni baya kuliko mwizi: hati zote za wiki tatu zina jina la mtu ambaye hayupo.

Dhana: Futa pacha mmoja, yaishe.

Ukifuta mpya peke yake, usawazishaji wa saraka na programu unaweza kuirudisha. Ukifuta ya zamani, unaweza kupoteza historia ya mtu. Kwa waliobaki kazini tulikwenda hivi: tukamtoa mtu kwenye orodha ya wanaopelekwa kwenye programu, tukafuta akaunti mpya isiyo na kazi ndani, kisha tukabadilisha `userName` ya zamani iwe barua pepe yake. Tukamrudisha kwenye orodha na kuanzisha usawazishaji upya, kumbukumbu ya usawazishaji wa awali ikiwa imefutwa. Tulianza na mtu mmoja; `totalResults` iliposoma 1, ndipo tukaendelea na wengine. Paswadi za ndani tukazifunga zote.

Sasa kila mwisho wa mwezi napakua akaunti zote zilizo hai kwenye programu na kuzilinganisha na orodha ya mishahara, kwa namba ya mfanyakazi, si kwa jina. Mara ya kwanza ilibaki akaunti moja isiyo na mwenyewe, ya mashine ya kuchapa lebo, na hadi leo hakuna anayekubali kuwa ndiye aliyeifungua.