Mstari mweusi pekee haufanyi mlango wa nakshi uonekane umechorwa kwa mkono

Naletewa sana mandhari za Mji wa Kale zilizojengwa kwa Blender: kichochoro, roshani, mlango wa nakshi. Swali huwa moja: mistari ipo, mbona picha bado ni ya kompyuta?

Dhana: Ukishaweka mistari, kazi imekwisha.

Ukweli ni kwamba kinachosaliti picha kwanza ni kivuli kinachofifia polepole. Mchoraji wa wino ana rangi ya nuru na rangi ya kivuli, na mpaka kati yao ni mkali. Kwa hiyo unganisha Diffuse BSDF na Shader to RGB, kisha ColorRamp iliyowekwa Constant, yenye rangi mbili au tatu tu. Njia hii hufanya kazi kwenye EEVEE, Cycles haiikubali. Rangi zikitoka zimefubaa kuliko ulizochagua, badilisha View Transform kutoka AgX kwenda Standard.

Dhana: Mistari mingi ndiyo mkono wa fundi.

Freestyle, chombo cha Blender cha kuchora mistari, ikiachwa itafute kila pembe, nakshi ya mlango hugeuka doa jeusi. Zima Crease, washa Edge Mark, kisha utie alama mwenyewe kwa Mark Freestyle Edge kwenye kingo chache unazotaka zionekane.

Dhana: Mstari mzuri una unene mmoja kila mahali.

Hili ndilo kosa linaloniuma zaidi, maana kalamu hukandamizwa na kulegezwa. Mlango wangu niliuvika ganda: modifier ya Solidify yenye Thickness 0.01, yaani sentimita moja, Offset 1, Flip ikiwashwa, na Material Offset 1 ili ganda lichukue material ya pili ya mlango, Emission nyeusi yenye Backface Culling. Upande wa ganda unaotazama kamera hauchorwi. Tunaona upande wa nyuma tu ukichungulia pembeni mwa mlango, na huo ndio mstari.

Sentimita hiyo moja, kwa lenzi ya milimita 50 na picha yenye upana wa pikseli 1920, ni kama pikseli 4 mlango ukiwa mita 6 kutoka kwenye kamera. Roshani iliyo mita 24 hupata pikseli 1. Umbali wenyewe umeshakupa mstari mzito mbele na mwembamba nyuma. Halafu nikampa Solidify Vertex Group: chini ya kizingiti, penye kivuli, uzito 1, ukingo unaopigwa na jua, 0.2. Hapo ndipo mlango ulipoanza kuonekana umechorwa.

Mstari ukiwa mnene upande mmoja bila wewe kutaka, huenda uliuvuta mlango bila usawa. Bonyeza Ctrl+A, chagua Scale. Ukikatika kwenye kona, nyuso hazijashikana: tumia Merge by Distance. Na mlango mzima ukiingia gizani, ganda linautia kivuli. Kuanzia Blender 4.2, washa Backface Culling ya Shadow pia kwenye ile material nyeusi.